Picha Inasema Limekupendeza, Futi Kamba Inasemaje?

Umeliona gauni kwenye duka la mtandaoni. Mwanamitindo aliyelivaa ni mrefu, mwembamba wa kiuno, na limemkaa utadhani alizaliwa nalo. Zamani ungeishia kukisia: je, na mimi? Siku hizi chini ya picha ya gauni kuna kitufe. Unakibonyeza, unapakia picha yako ya kusimama inayokuonyesha kuanzia utosini hadi nyayoni, unasubiri sekunde chache, kisha unajiona mwenyewe. Ni sura yako na viatu vyako, ukuta wa sebuleni kwako uko nyuma, na gauni ambalo bado liko ghalani kwa muuzaji limekuvaa.

Huduma hii haikuota usiku mmoja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walichapisha mfumo walioupa jina VITON, uliokuwa ukichukua picha ya blauzi na kuivalisha kwenye picha ya mtu. Picha zake zilikuwa ndogo, pikseli 256 kwa 192, ndogo kuliko picha ya wasifu ya WhatsApp. Mwaka 2022 kampuni ya maduka ya Walmart iliwaruhusu wateja wake wa Marekani kutumia picha zao wenyewe. Google ilianza mwaka 2023 kwa kuonyesha nguo juu ya wanamitindo wa miili mbalimbali, na Mei 2025 ikatangaza kwamba mnunuzi anaweza kupakia picha yake, Marekani ikiwa ya kwanza. Sasa zimejaa pia programu ndogondogo za simu zinazofanya kazi hiyohiyo kwa picha yoyote ya nguo utakayozipa, hata ile uliyoitoa kwenye ukurasa wa Instagram wa muuzaji wa Kariakoo au Eastleigh.

Kinachofanya wengi wanunue kwa haraka ni kwamba picha hizi zinavutia na zinaaminika. Kivuli kiko mahali pake, mikunjo inafuata mkono ulivyokunjwa, na rangi ya ngozi ni yako. Lakini kuna swali moja ambalo picha hiyo hailijibu hata kidogo, nalo ndilo linalorudisha nguo nyingi dukani, au kuziacha zikining'inia kabatini pale muuzaji anapokuwa ameandika "mali ikishauzwa hairudi". Swali lenyewe ni hili: nguo hii itaniingia?

Jinsi picha inavyotengenezwa

Wengi hudhani kompyuta inachukua gauni lenye vipimo vyake na kulivalisha juu ya mwili wenye vipimo vyake. Sivyo. Hakuna gauni wala mwili ndani ya kompyuta, kuna picha mbili tu.

Kwanza programu inaichambua picha yako na kuigawa vipande: hapa uso, hapa nywele, hapa mkono wa kulia, hapa sketi. Inatafuta pia viungo vya mwili, yaani mabega, viwiko, nyonga na magoti, ili ijue umesimamaje. Kisha, katika mifumo mingi, inafuta eneo lote la nguo ulizovaa na kuacha pengo. Hatua ya mwisho ni kulijaza pengo hilo. Hapo akili mnemba huanza na chenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee, huku ikitazama pande mbili kwa wakati mmoja: picha ya gauni, ili ijue rangi, shingo na mikono yake, na picha yako, ili ijue umbo la kulijazia.

Neno la kushika hapo ni "kujaza". Programu haipimi chochote. Inajiuliza tu: katika picha zote nilizofundishiwa, mtu aliyesimama hivi akivaa nguo ya namna hii huwa anaonekanaje? Kisha inachora jibu.

Basi tuzitazame picha ilizofundishiwa. Mkusanyo mmoja uliotumiwa sana na watafiti tangu mwaka 2021, uitwao VITON-HD, una jozi 13,679 za picha. Kila jozi ina nguo ya juu iliyopigwa picha peke yake, na mwanamke aliyeivaa nguo hiyohiyo akiwa ameelekea kamera. Ni picha za matangazo ya maduka. Nani anapiga tangazo la blauzi ambayo vifungo vyake vimekataa kufungika? Mwanamitindo hupewa saizi yake, na kama nguo inampwaya, mpambaji huibana kwa vibanio mgongoni, pale ambapo kamera haioni. Kwa hiyo mfumo uliofundishwa kwa picha za aina hiyo umeona maelfu ya nguo, na karibu zote zilimkaa aliyezivaa. Haujajifunza zipu iliyogoma katikati ya mgongo inafananaje, wala kitambaa kinavyojikunja kwa ulalo juu ya nyonga kinapokuwa kimezidiwa.

Ndiyo maana picha ya jaribio haitoi habari mbaya. Inakuonyesha ukiwa umevaa gauni lililoshonwa kwa ajili yako. Muuzaji atakutumia jingine, lililoshonwa kwa jedwali la vipimo la kiwandani.

Gauni moja, kwa vipimo

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Gauni ni refu, la kitambaa kisichovutika, lina mshono kiunoni na zipu mgongoni. Jedwali la muuzaji linasema vipimo vya nguo yenyewe katika saizi ya M ni kifua sentimita 94, kiuno 76, nyonga 100, na urefu kutoka begani hadi kwenye pindo 125. Mwanamitindo aliyelivaa ana urefu wa sentimita 175, na kutoka begani kwake hadi sakafuni ni 146. Mnunuzi wetu ana urefu wa sentimita 157, kifua 98, kiuno 82 na nyonga 108. Kutoka begani kwake hadi sakafuni ni 131.

Anapakia picha yake na kubonyeza kitufe. Gauni linamkaa vizuri kabisa. Limelala kifuani, limeshika kiuno, limeshuka juu ya nyonga bila kung'ang'ania. Akichagua M au XL, katika mifumo mingi atapata picha ya namna ileile, kwa sababu saizi haikuingia popote katika kuichora. Kilichoingia ni picha ya gauni, nayo ni moja kwa saizi zote.

Sasa tuweke futi kamba. Nyonga zake ni 108, na M ina 100. Kitambaa hakivutiki. Gauni hilo litaishia mapajani na halitapanda. Saizi ya L, kwa jedwali linaloongeza sentimita 6 kila saizi, ina nyonga 106, nayo pia haitoshi. Inabaki XL: kifua 106, kiuno 88, nyonga 112. Hapo nyonga zinapata nafasi ya sentimita 4, kiuno 6 na kifua 8. Kitambaa kisichovutika lazima kiache nafasi ya namna hiyo, la sivyo mvaaji hawezi kuketi wala kupanda daladala. Picha ilisema saizi yoyote itafaa, vipimo vinasema ni XL peke yake.

Urefu nao una kisa chake. M kwa mwanamitindo inaishia sentimita 21 kutoka sakafuni, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu. Programu inapomhamishia gauni mnunuzi wetu haijui kwamba yeye ni mfupi kwa sentimita 18. Picha haina rula. Mtu wa 157 na mtu wa 175 wote wanajaza fremu ya simu kuanzia juu hadi chini. Inachokiona ni kwamba pindo liko juu kidogo ya kifundo, na inalichora hapohapo kwake. Kwa urefu wake hiyo ni kama sentimita 19 kutoka sakafuni.

Lakini atakayoletewa ni XL, na tuseme hiyo ina urefu wa 128. Toa 128 kwenye 131. Pindo litakuwa sentimita 3 kutoka sakafuni. Kwenye picha viatu vinaonekana vizuri na mguu kidogo, ilhali gauni lenyewe litafagia ngazi. Pindo linakatwa, ni kweli, na fundi yeyote ataifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Lakini kama gauni lina lesi ya mapambo chini, ukikata pindo umekata na pambo. Kama lina mpasuo, ule ulioanzia juu ya goti la mwanamitindo utaanzia chini zaidi kwenye mguu wa mnunuzi. Mshono wa kiuno nao, uliopangwa kwa kiwiliwili kirefu, utashuka chini ya kiuno chake halisi na kukaa mahali ambapo mwili umeshaanza kupanuka. Fundi hawezi kurekebisha hilo bila kulifumua gauni.

Ulichovaa kwenye picha kina neno lake

Tatizo la pili linaanzia kwa mnunuzi mwenyewe. Picha ya kusimama ambayo wengi wetu tunayo kwenye simu ni ya harusini au ya sikukuu, tukiwa tumevaa dera, kanzu, abaya au suti ya kupwaya. Programu ikifuta nguo hiyo, chini yake hakuna mwili wa kuona. Kiuno chako kiko wapi ndani ya dera? Haijui. Inalazimika kubuni, na ubuni wake unaelekea kwenye miili iliyoizoea, yaani ya wanamitindo.

Inaweza pia kukosea kwa upande wa pili. Pengo lililoachwa na dera ni pana, na baadhi ya mifumo hulijaza lote. Basi gauni lenye umbo la kubana linatokea limepanuka kama mwavuli kwa sababu limerithi mipaka ya nguo ya zamani. Ukiona gauni la kwenye picha ni pana kuliko lile la mwanamitindo, tazama kwanza ulivaa nini.

Ngozi pia inabuniwa. Ukipiga picha umevaa mikono mirefu kisha ukajaribisha blauzi ya mikono mifupi, mikono utakayoiona si yako. Unene wake ni wa kukisia, na kovu, alama ya chanjo au mchoro wa hina havitakuwapo. Aliyevaa mtandio ulioshuka kifuani anaweza kukuta ncha zake zimemezwa na nguo mpya, au zimegeuka kola ambayo gauni halina.

Kwa hiyo picha ifaayo ni ile uliyopigwa ukiwa umevaa nguo zinazoshika mwili kiasi, kama fulana na suruali ya kubana, mikono ikiwa imeachana kidogo na mbavu, nywele au mtandio ukiwa nyuma ya mabega, na mwanga ukitoka mbele. Mpiga picha asimame hatua kadhaa nyuma, kamera ikiwa kwenye usawa wa kifua au kiuno chako. Mtoto akikupiga kutoka chini, miguu inarefuka. Mtu mrefu akikupiga kutoka juu, inafupika. Programu itauamini upotovu huo na kulichora gauni juu yake.

Maandishi ya kanga na uzito wa kitambaa

Kuna nguo ambazo picha hizi hushindwa nazo waziwazi, na kwetu Waswahili iliyo karibu zaidi ni kanga. Tufanye hesabu ndogo. Picha ya jaribio yenye pikseli 1,024 kwenda juu, mtu wa sentimita 157 akiwa amechukua kama pikseli 900, inatoa pikseli zisizofika 6 kwa kila sentimita ya mwili. Herufi ya jina la kanga yenye urefu wa sentimita 3 inapata pikseli 17 hivi. Mifumo mingi ya siku hizi, ili kupunguza kazi, huiminya picha kwanza, ikikusanya kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 kuwa chumba kimoja. Herufi nzima inaangukia kwenye vyumba viwili kwenda juu. Hapo A na R hazina tofauti ya kutosha kukumbukwa. Picha inapofunguliwa tena, mahali pa jina panatokea kitu kinachofanana na maandishi ukiwa mbali, lakini ukisogea hakisomeki kwa lugha yoyote.

Kanga ina tabu nyingine tena. Ni kitambaa cha mstatili, hakina shingo wala mikono, na sura yake mwilini inategemea umejifunga vipi. Mfumo uliofundishwa kwa blauzi zilizoshonwa hauna pa kuanzia. Utaigeuza gauni, utakata pindo lake ulazimike kuwa mshipi, au utahamisha ua la mji kutoka katikati kwenda begani. Kitenge kilichoshonwa kina nafuu, lakini hesabu maua yake. Kama kitambaa halisi kina duara tatu kifuani na picha ina tano, basi ukubwa wa ua umebadilishwa, na gauni litakalokuja litakuwa na sura nyingine.

Uzito wa kitambaa nao hauonekani kwa jicho la kamera. Satini nyepesi, krepu nzito na poliesta ngumu zinaweza kung'aa sawa kwenye picha ya duka, na programu ikazichora zikianguka namna moja. Wabunifu wa viwandani wanaotumia programu za kushona kwa kompyuta, kama vile CLO, huingiza vipande vya ruwaza pamoja na uzito wa kitambaa, kinavyovutika na kinavyopinda, ndipo kompyuta ikokotoe kitakavyoanguka. Kitufe cha kwenye simu hakina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Vivyo hivyo kwa shifoni na lesi: programu haijui kama ndani kuna bitana, hivyo inaweza kukuonyesha nguo imeziba kumbe inaonyesha mwili, au kinyume chake. Na mgongo haumo kabisa, kwa kuwa umepakia picha ya mbele tu.

Namna ya kuibana picha iseme ukweli

Kuna majaribio mawili ambayo yeyote anaweza kuyafanya. La kwanza ni kuichora picha mara mbili au tatu kwa gauni lilelile na picha yako ileile, ikiwa programu inaruhusu. Kwa kuwa kila mara huanza na chenga mpya, sehemu inazozikisia zinaweza kubadilika. Weka picha hizo ubavu kwa ubavu. Uso na viatu vitafanana. Lakini pengine vifungo vilikuwa sita, sasa ni vitano. Mkono uliofika kwenye kiwiko umeshuka chini yake. Mshipi umepotea. Kila kilichobadilika ni cha kubuni, usikitegemee. Kumbuka tu kwamba kisichobadilika si lazima kiwe kweli: urefu wa pindo wa mnunuzi wetu ungeweza kutokea vilevile mara zote, na mara zote ukakosea.

La pili linafundisha zaidi. Chukua gauni lako ambalo limeshakubana, litandaze kitandani, lipige picha, kisha ulijaribishe kwenye programu kama nguo mpya. Ukiona limekukaa kama siku ulipolinunua, umeshajua programu hiyo ina thamani gani katika suala la saizi.

Hayo yote hayaifanyi picha ya jaribio kuwa ya bure. Ina kazi yake: kukuonyesha kama shingo ya pembe inakupendeza kuliko ya duara, kama rangi ya haradali inaifaa ngozi yako au inaififisha, kama umbo la gauni lote linakwenda nawe. Ukiwa na magauni matano na fedha ya moja, itakusaidia kuyaondoa matatu. Hata rangi iulizie, kwa kuwa taa ya duka na mwanga wa sebule yako vimechanganywa na programu katika picha hiyo. Omba video fupi ya nguo ikiwa nje kwenye mwanga wa mchana.

Saizi iulize kwa muuzaji, na uiulize kwa namna ambayo hawezi kukujibu "ni saizi ya wote mpendwa". Ujumbe kama huu unatosha: "Habari dada. Naomba unilazie hilo gauni la XL chini, unipimie kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani hadi chini. Kitambaa kinavutika?" Vipimo vya nguo iliyolazwa ni vya upande mmoja, hivyo vizidishe kwa mbili. Kwa gauni letu la mfano angejibiwa 53, 44, 56 na 128, na kwamba halivutiki. Mara mbili ni 106, 88 na 112. Vipimo vyake mwenyewe anavijua: 98, 82 na 108. Litaingia, na nafasi ya kuketi ipo.

Inabaki pindo. Kutoka begani hadi pale anapotaka gauni liishie, anapima mwilini mwake na kupata 112. Gauni ni 128, kwa hiyo kuna sentimita 16 za kuondoa, na fundi atataka kama 3 kati ya hizo azikunje ndani. Swali la mwisho kwa muuzaji kabla ya kutuma pesa, basi, ni kama chini pana lesi, mpasuo au urembo wowote katika hizo 16. Kama hapana, alinunue na aweke kando hela ya fundi. Kama upo, atafute gauni jingine, hata kama kwenye picha lilimpendeza kuliko yote.